Mteja katuma PDF ya mkataba, kasema "nifupishie" tu. Hajasema yuko upande gani

KaraniWaMarikiti
Wenye kazi za kuchapa na kufupisha makaratasi, naomba mnisaidie. Nimetumiwa PDF ya kurasa 23 kwa wasapu, mkataba wa upangaji wa duka la jumla la leso, Mtaa wa Biashara. Ujumbe uliokuja nayo ni neno moja: "nifupishie". Nambari haina jina wala picha. Mkataba uko kwa Kiingereza, nimezoea kuwaandikia wateja ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili. Shida ni kwamba sijui huyu ni mpangaji au mwenye jengo. Nimemuuliza, tiki bado ni moja. Kazi inatakiwa jioni. Mngeandikaje?

Shafi_Likoni
Hiyo rahisi kaka. Kurasa 23 za skani huwa MB 30 hivi, ndiyo maana wasapu inakwama. Ipunguze:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o ndogo.pdf mkataba.pdf
```

Itashuka bila herufi kuharibika sana.

KaraniWaMarikiti
Shafi, ahsante, lakini anataka maneno yafupishwe, si faili. Ingawa sasa umenitia wasiwasi, maana hakusema hilo pia 😅

FundiFaili
Upande unajulikana kwenye faili lenyewe. Kwanza tazama `pdfinfo mkataba.pdf`, mstari wa `Author` utakuonyesha faili limetoka kompyuta ya nani. Pili, hesabu majukumu. Anayebebeshwa mengi ndiye anayeogopa, na anayeogopa ndiye anayetafuta mtu wa kumfupishia:

```
pdftotext -layout mkataba.pdf m.txt
grep -o -i "lessee shall" m.txt | wc -l
grep -o -i "lessor shall" m.txt | wc -l
```

KaraniWaMarikiti
Nimefanya. `Author` ni jina la ofisi ya mawakili. Mpangaji 9, mwenye jengo 6. Kwa hiyo ni mpangaji?

Bi_Kibokoni
Hapana mwanangu. Ofisi ya mawakili ndiyo iliyochapa, na mkataba wa pango kwa kawaida hutayarishwa na wakili wa mwenye jengo, kisha nakala ikaenda kwa kila mtu. Jina lile lingekuwapo hata kama PDF imetumwa na mpangaji, mdhamini, dalali au afisa wa mikopo wa benki. Faili humtaja aliyelitengeneza. Aliyekutumia halimjui.

Na hesabu ya FundiFaili ina matundu mawili. La kwanza, `-layout` huhifadhi mistari kama ilivyo kwenye ukurasa, kwa hiyo "Lessee" ikiwa mwisho wa mstari na "shall" mwanzo wa unaofuata, `grep` haiwaoni pamoja. La pili ndilo kubwa. Mikataba yetu ya pango haiandiki "shall" kwa kila jukumu la mpangaji. Huanza na sentensi moja, mpangaji anaahidi yafuatayo, kisha inateremka orodha ya (a) mpaka (w): kulipa kodi, kupaka rangi, kutohamisha, kuruhusu ukaguzi. Majukumu 20 na zaidi, na neno "shall" limetajwa mara moja au halimo kabisa.

FundiFaili
La mistari nakubali, hilo hurekebishika:

```
tr '\n' ' ' < m.txt | tr -s ' ' | grep -o -i "lessee shall" | wc -l
```

La orodha sikuliwaza. Hata hivyo hesabu inaonyesha mkataba umemwelemea nani.

Bi_Kibokoni
Inaonyesha ulivyoandikwa. Wakili mwenye mtindo mwingine ataandika mzigo uleule kwa "shall" 40. Tuliache hilo, kuna jambo la kwanza kabla ya upande: Karani, una uhakika umesoma kurasa zote 23? Mikataba mingi inayotumwa huwa nusu imechapwa nusu imeskaniwa, hasa jedwali la mwisho na ukurasa wa saini. Hesabu maneno ya kila ukurasa:

```
for p in $(seq 1 23); do
  echo "$p: $(pdftotext -f $p -l $p mkataba.pdf - | wc -w)"
done
```

Ukurasa wenye 0 au maneno mawili matatu ni picha.

KaraniWaMarikiti
Duh. Kurasa 1 hadi 19 zina maneno 300 na kitu kila moja. 20 mpaka 23 ni 0. Mimi nilikuwa nimenakili maandishi yote na kuyabandika kwenye Word, nikajua nimemaliza.

FundiFaili
Pitisha OCR kwa hizo nne tu. Ukiendesha `ocrmypdf` hivihivi itakataa na kukuandikia `page already has text!`. Tumia:

```
ocrmypdf --skip-text -l eng mkataba.pdf kamili.pdf
```

Inaruka zenye maandishi, inasoma zile za picha. Kisha linganisha kila tarakimu na picha kwa jicho. 3 na 8 huchanganyika, na nukta ya desimali hupotea ukurasa ukiwa na madoa.

KaraniWaMarikiti
Imekubali. Kurasa 20 hadi 22 ni jedwali: kodi 80,000 kwa mwezi, muda miaka 5 na miezi 3, inaongezeka asilimia 10 kila baada ya miaka miwili, dipoziti 160,000. Ukurasa 23 ni wa saini, mtupu. Lakini kifungu cha 5 huko mbele kinasema dipoziti ni kodi ya miezi 3, ambayo ni 240,000. Nitaandika ipi?

KalamuYaNyali
Andika ya jedwali, jedwali ndilo huwa na bei halisi ya makubaliano. Mwili wa mkataba ni kiolezo tu.

Bi_Kibokoni
Pole KalamuYaNyali, hapo ndipo mtu huchukua upande bila kujua. Ukiandika 160,000 umempa mpangaji 80,000. Ukiandika 240,000 umempa mwenye jengo. Angalia kama mkataba una kifungu kinachosema jedwali na mwili vikigongana kipi kinashinda. Kama hakipo, andika zote mbili na kurasa zake: "Kifungu cha 5, ukurasa 4, kinataka dipoziti ya kodi ya miezi 3 (sh. 240,000). Jedwali, ukurasa 21, linasema sh. 160,000. Mkataba hausemi ipi inashinda." Basi. Na hiyo iende juu kabisa, kwa sababu ukurasa wa saini ni mtupu, yaani bado inaweza kurekebishwa.

KaraniWaMarikiti
Nimetafuta, hakuna kifungu kama hicho. Sasa tazameni kifungu cha 14. Mwenye jengo anaweza kuvunja mkataba wakati wowote kwa notisi ya miezi 3, bila kutoa sababu. Rasimu yangu: "HATARI: unaweza kufukuzwa wakati wowote kwa notisi ya miezi 3 tu." Nimeandika sawa?

Bi_Kibokoni
Hesabu mwenyewe umechagua upande mara ngapi katika mstari ule mmoja. "Hatari" ni hatari kwa nani? "Kufukuzwa" ni neno la mpangaji, mwenye jengo angesema anarudisha jengo lake. "Tu" ni maoni yako. Na kubwa kuliko yote ni ile *u* ya "unaweza". Kiswahili chetu kinamweka msomaji ndani ya kitenzi: ukisema unalipa, utarudishiwa, usihamishe, tayari umeshamfanya mpangaji. Kiingereza kina jina la mhusika mwanzoni mwa sentensi, nawe ukitafsiri kwa haraka linayeyuka ndani ya *u*. Akiwa ni mwenye jengo anasoma ukurasa wako, kila sentensi imegeuka.

Mimi ningeandika: "Kifungu cha 14, ukurasa 11. Mwenye jengo anaweza kuvunja mkataba wakati wowote kwa notisi ya maandishi ya miezi 3, bila kutoa sababu. Mpangaji hana haki ya namna hiyo katika kurasa zilizotumwa."

KalamuYaNyali
Sentensi ya mwisho si kumtetea mpangaji?

Bi_Kibokoni
Ni jambo lililomo ndani ya karatasi, mtu yeyote anaweza kulihakiki. Kutoelemea si kuficha kwamba mizani haiko sawa. Mwenye jengo naye anataka kulijua, maana ndicho kifungu ambacho wakili wa mpangaji atakishika kwanza. Ningekuwa nimeandika "mpangaji ameonewa", hapo ungenikamata.

Na kuna mtego wa pili upande mwingine, ile "-wa" ya kutendwa. Watu wakitaka kuonekana hawana upande huandika "dipoziti itarudishwa ndani ya siku 30". Na nani? Kuanzia siku gani? Kitenzi cha kutendwa kinamficha mwenye wajibu. Taja mtu: mwenye jengo atamrudishia mpangaji, siku 30 baada ya funguo kukabidhiwa, akikata gharama za matengenezo. Nachukua mfano tu, wewe soma chako.

BabaSomoe
Samahani naingilia. Hicho kifungu ndicho kilichonipata mimi mwezi jana, mkataba wa miaka 4, duka la vipuri. Mwenye jengo kanipa barua ya miezi 3 hana sababu. Nihame au nisihame?

Bi_Kibokoni
Usihame kabla ya kumwona wakili, Baba Somoe, na nenda wiki hii kwa sababu kuna siku za kujibu. Duka likiwa na mkataba wa miaka isiyozidi 5, kwa kawaida linaingia chini ya Sura ya 301, sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa. Chini ya sheria hiyo barua ya kawaida haitoshi. Notisi ina fomu yake na sababu zinazokubalika zimetajwa, na kuna baraza la kodi za majengo ya biashara la kusikiza mabishano. Siwezi kusema zaidi bila kuona karatasi.

Na hilo, Karani, linagusa mkataba wako. Mbona miaka 5 na miezi 3? Ile miezi 3 haikuwekwa kwa bahati nasibu. Inapita miaka 5 ili duka lisiangukie kwenye ulinzi wa Sura ya 301. Lakini sheria ileile inasema mkataba wa maandishi hata ukizidi miaka 5 unaingia kwenye ulinzi ikiwa una kipengele cha kuuvunja ndani ya miaka 5 ya mwanzo kwa sababu isiyo kuvunja masharti. Kifungu cha 14 ni kipengele cha aina hiyo. Yaani mkono mmoja umefunga mlango, wa pili umeufungua.

KaraniWaMarikiti
Subhanallah. Kwa hiyo kifungu kinachoonekana kumbeba mwenye jengo ndicho kinachoweza kumpa mpangaji ulinzi?

Bi_Kibokoni
Ndiyo. Sasa ona ungekuwa umeandika "HATARI" ukampelekea mwenye jengo, au "kifungu kizuri cha kukulinda" ukampelekea huyohuyo. Kitu kimoja, habari mbili tofauti kabisa, na hakuna iliyo ya kweli mpaka ujue msomaji ni nani.

KalamuYaNyali
Mimi hapa ndipo sikubaliani nawe, Bi. Kama tunajua kwamba kifungu kina maana mbili, kwa nini tusiandike zote? Nafanya hivi kazini: ukurasa wa kwanza hauna upande, wa pili una aya mbili. "Ikiwa wewe ni mpangaji, angalia 5, 14 na 17." "Ikiwa wewe ni mwenye jengo, angalia 14 kwa sababu ya Sura ya 301, na 9." Msomaji anachukua yake.

Bi_Kibokoni
Kwa sababu mbili. Ukurasa huo hutumwa mbele. Mteja akiwa mpangaji akaupeleka kwa mwenye jengo "tujadiliane", umemwonyesha mwenzake mahali pa kuziba, kesho kifungu cha 14 kimefutwa na ulinzi wa mpangaji umekwenda nacho. Na pili, kufupisha kilichoandikwa ni kazi ya karani. Kusema kifungu kinafanya kazi gani mbele ya sheria ni ushauri, na ushauri una wenyewe. Karani aandike "muda: miaka 5 na miezi 3" na "kifungu cha 14" mistari inayofuatana, aweke alama kwamba viwili hivi visomwe pamoja na wakili. Hapo hajapotosha wala hajashauri.

KalamuYaNyali
Na mteja asiye na pesa ya wakili ataelewa nini kwenye "visomwe pamoja"? Hataenda popote, atatia saini. Muhtasari usiomsaidia yeyote ni karatasi ya kufungia viazi karai.

MzeeKilindini
Nyote wawili mna hoja na hamtapatana leo. Ninalouliza mimi: Karani alimuuliza mteja vipi hasa?

KaraniWaMarikiti
"Wewe ni mpangaji ama mwenye duka?"

MzeeKilindini
Umempa milango miwili. Muulize hivi: "Wewe ni nani kwenye mkataba huu, umeshatiwa saini, na unataka kuamua nini baada ya kuusoma?" Asiyekuwamo kwenye milango yako miwili atakaa kimya, au atachagua ulio karibu.

FundiFaili
Na kuhusu saini usitegemee PDF. Ukurasa mtupu unaweza kuwa nakala ya kabla ya kusaini. Aseme mwenyewe.

KaraniWaMarikiti
Nimetuma. Wakati nangoja nimeandika upya mwanzo, niambieni:

"Muhtasari huu umeandikwa bila kujua msomaji ni upande gani. Umetokana na PDF ya kurasa 23, kurasa 20 hadi 23 zimesomwa kutoka kwenye picha. Ukurasa wa saini hauna saini.

Kodi: mpangaji atamlipa mwenye jengo sh. 80,000 kwa mwezi, kabla ya tarehe 5. Kuanzia mwaka wa 3 ni 88,000, kuanzia mwaka wa 5 ni 96,800 mpaka mwisho. Viwango hivi havijaingiza VAT (kifungu cha 3), ambayo mpangaji ataongeza juu.

Dipoziti: vifungu viwili vinapingana, tazama hapa chini."

Bi_Kibokoni
Umepiga hesabu vizuri, watu wengi huzidisha asilimia 10 ya 80,000 mara mbili wakapata 96,000. Hakikisha tu mkataba unasema ongezeko ni juu ya kodi ya wakati huo, si juu ya kodi ya kwanza. VAT ni asilimia 16, weka tarakimu kabisa: 80,000 inakuwa 92,800. Hiyo ni hesabu, haina upande.

KaraniWaMarikiti
Unasema kodi ya wakati huo, nimehakiki. Na amejibu! Sikieni: "Mimi si mpangaji wala mwenye jengo. Nataka kununua biashara ya leso kwa mpangaji aliyepo, stoki na jina, yeye atoke mimi niingie. Mkataba mpya huu wameshakubaliana, watatia saini Jumatatu. Nataka kujua kama duka litakuja kwangu."

MzeeKilindini
Haya.

Bi_Kibokoni
Basi kurasa zote tulizozibishania si alizozitaka. Nenda kwenye ile orodha ya (a) mpaka (w), tafuta kuhamisha mkataba au kupangisha mtu mwingine. Niambie maneno yake yote, usifupishe.

KaraniWaMarikiti
Kipengele (r): mpangaji hatahamisha, hatapangisha wala kugawana jengo bila idhini ya maandishi ya mwenye jengo. Basi, hakuna zaidi.

Bi_Kibokoni
Angalia kisichokuwapo. Mikataba mingi huongeza kwamba idhini haitanyimwa bila sababu ya msingi, na hapa hayamo. Andika kwa sentensi mbili: idhini inatakiwa kwa maandishi, na mkataba hausemi lini mwenye jengo analazimika kuitoa wala kwa ada gani. Kisha kifungu cha 14, maana akinunua leo anaweza kupewa notisi ya miezi 3 kesho. Kisha dipoziti: imewekwa na mpangaji wa sasa, je, mkataba unasema inamfuata nani? Mengine yote yawe mistari miwili miwili.

KalamuYaNyali
Na mwambie asilipe stoki kabla idhini haijatoka kwa maandishi.

Bi_Kibokoni
Huo ni ushauri, KalamuYaNyali.

KalamuYaNyali
Ndiyo. Na ni wa kweli.

BabaSomoe
Na mimi jamani, wakili wa bei nafuu yuko wapi, Mwembe Tayari au mjini?

KaraniWaMarikiti
Baba Somoe nitakuandikia faragha. Bi, kuhusu dipoziti: nimetafuta kurasa zote, mkataba hautaji kabisa ikiwa mpangaji akihamisha. Nimeandika "mkataba hausemi". Sasa amenitumia ujumbe mwingine, mpangaji wa sasa naye anaomba nakala ya muhtasari. Nimtumie?

Bi_Kibokoni
Mwenye kuamua ni aliyekulipa. Muulize yeye kwanza, na umuulize kwa maandishi.